Kuondoa vipande vya mandharinyuma vilivyofungiwa ndani ya picha: kwapani, kiunoni na kwenye vishikio

Ukishamkata mtu au kitu kutoka kwenye mandharinyuma yake, kazi huonekana imekwisha mapema kuliko ilivyo kweli. Kingo za nje ni safi, nywele zimekaa vizuri, unaibandika picha kwenye ukurasa mweupe na hakuna kinachokukera. Halafu mtu anaipeleka juu ya rangi nyekundu na pale kati ya mkono na kiuno kinajitokeza kipande cha ukuta cha pembetatu. Mimi yalinipata kwa picha ya mkasi. Niliikata vizuri nje, mteja akaiweka kwenye ukurasa wa rangi ya damu ya mzee, na vile vipete viwili vya kuingizia vidole vikabaki vimejaa kijivu kama vioo vya miwani. Tangu siku hiyo nahesabu matundu kabla sijagusa kifaa chochote.

Sababu ya vipande hivi kubaki ni rahisi. Kifaa kinachochagua kwa kubofya huanza kwenye pikseli uliyoigusa, kikaenda kwa jirani yake anayefanana naye, kisha kwa jirani wa jirani, mpaka kigonge rangi tofauti. Mkono ulioshika kiuno ni ukuta usio na mlango. Uteuzi ulioanzia nje hauwezi kuuvuka, hata kama upande wa pili rangi ni ileile. Kwa hiyo kila tundu lililofungwa pande zote linahitaji kuanzishiwa uteuzi wake, na huwezi kulianzishia kama hujui kwamba lipo.

Nitatumia GIMP kwa sababu ni ya bure. Mantiki ni ileile kwenye programu nyingine yoyote yenye leya na maski. Picha tunayoifanyia kazi ina pikseli 2400 kwa 3600. Ni mwanamke aliyesimama mbele ya ukuta wa kijivu cheupe, amevaa shati jeupe na sketi ndefu nyeusi. Mkono wake wa kushoto umeshika kiuno, na wa kulia umeshuka ukiwa na mkoba wenye kishikio cha duara. Masikioni ana hereni kubwa za pete. Picha kama hii ina mitego karibu yote.

Hesabu kwanza, kwenye picha ambayo haijaguswa

Fungua picha ikiwa nzima na ufuate umbo la mtu kwa jicho, kuanzia kichwani ukishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Kila unapoona ukuta umezungukwa, andika. Kwenye picha yetu niliandika hivi: pembetatu ya mkono wa kushoto, ufa mwembamba kati ya mkono wa kulia na kiuno, kishikio cha mkoba, kitundu kati ya kidole gumba na kishikio, hereni ya kushoto, hereni ya kulia. Jumla sita.

Kisha rudi kwa kila kimoja na ujiulize swali moja tu: kinachoonekana ndani ni ukuta kweli? Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa upande wa pili, wakatoboa mahali pasipo na tundu. Ndani ya hereni ya kulia palionekana shingo wala si ukuta, kwa hiyo hilo si tundu, ni ngozi, na likitobolewa mtu atakuwa na shimo shingoni. Hereni ya kushoto ilining'inia mbali na shingo na ndani yake kulikuwa na ukuta mtupu. Kishikio cha mkoba kilikuwa nusu kwa nusu, maana sehemu ya juu ilionyesha ukuta na ya chini ilionyesha sketi. Kwa hiyo kati ya sita, matano ndiyo yanayofutwa, na moja kati ya hayo linafutwa nusu. Namba hii ndiyo utakayoirudia mwishoni, kwa hiyo iandike mahali.

Vioo vya miwani navyo viache kwenye orodha tofauti. Ukuta unaoonekana kupitia kioo umechanganyika na mng'ao na kivuli cha kioo chenyewe, na ukiutoboa moja kwa moja miwani itaonekana haina vioo. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kata nje kwa maski, usifute

Hakikisha leya ya picha ina uwazi: `Layer > Transparency > Add Alpha Channel`. Chukua `Fuzzy Select Tool` (herufi `U`), bofya ukutani nje ya mtu, ukiongeza maeneo mengine ya nje kwa kushikilia `Shift` unapobofya. Geuza uteuzi kwa `Ctrl+I`, kisha bofya leya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Add Layer Mask`, na kwenye dirisha linalofunguka chagua `Selection`. Ondoa uteuzi kwa `Ctrl+Shift+A`.

Nasisitiza maski kwa sababu kazi ya matundu ni ya kujaribu na kurudi nyuma. Ukifuta pikseli zenyewe na baadaye ukagundua umekula ukingo wa mkono, hazipo tena. Kwenye maski nyeusi huficha na nyeupe huonyesha, kwa hiyo unapaka nyeupe na mkono unarudi.

Sasa tengeneza leya mpya, ijaze rangi ya kupiga kelele, kisha iburute chini ya leya ya mtu. Mimi hutumia zambarau kali yenye thamani `ff00ff`, kwa sababu ni nadra kukuta nguo au ngozi ya rangi hiyo. Mabaki ya ukuta yanajitokeza papo hapo. Kwa upande wetu pembetatu ya mkono wa kushoto ilipiga kelele yenyewe, na kishikio pia. Ufa wa mkono wa kulia haukuonekana mpaka nilipokuza picha hadi asilimia 200, na kile kitundu cha kidole gumba ningekipita kabisa kama kisingekuwa kwenye orodha.

Kwa nini usichague kwa rangi kwenye picha nzima

Kuna njia ya mkato inayovutia: kifaa cha `Select by Color`, ambacho hakijali ujirani na hukamata kila pikseli inayofanana na ile uliyoibofya, popote ilipo. Kwa kitu cheusi kwenye ukuta mweupe uliomulikwa sawasawa, itumie tu, utamaliza haraka. Kwa picha yetu ilishindwa mara mbili kwa mpigo mmoja, na inafaa kuona kwa namba ni kwa nini.

Nilipima rangi kwa `Color Picker Tool` (herufi `O`). Ukuta wa nje ulisoma 214, 212, 208. Katikati ya pembetatu, chini ya mkono, ukuta uleule ulisoma 196, 190, 184. Mkono umeuzibia mwanga, na ngozi imeutupia wekundu kidogo, ndiyo maana buluu imeshuka kuliko nyekundu. Sehemu ya shati yenye kivuli ilisoma 206, 205, 203.

Sasa tazama. `Threshold` ya kawaida ya kifaa hiki ni 15, yaani pikseli inakubaliwa kama tofauti yake kubwa zaidi kwenye rangi yoyote kati ya tatu haizidi 15. Kutoka ukuta wa nje hadi ukuta ulio ndani ya pembetatu tofauti kubwa ni 24. Kutoka ukuta wa nje hadi shati ni 8 tu. Kifaa kimeliacha tundu na kimekula shati. Ukiongeza `Threshold` ili ulipate tundu, shati linakwisha kabla hujalifikia.

Funzo lililomo ndani ya namba hizo ndilo linaloendesha kazi yote iliyobaki: ukuta ulio ndani ya tundu si wa rangi moja na ukuta wa nje. Kadiri tundu linavyokuwa dogo ndivyo linavyokuwa jeusi zaidi na ndivyo linavyobeba rangi ya kitu kinacholizunguka. Kwa hiyo sampuli ichukuliwe ndani ya tundu lenyewe, kila moja na yake.

Tundu kubwa: pembetatu ya mkono

Kwenye orodha ya leya kuna vijipicha viwili vilivyokaa bega kwa bega, cha picha na cha maski. Bofya cha picha kwanza. Hatua hii ndogo ndiyo chanzo cha kilio kikubwa cha wanaoanza. Kama kilichowashwa ni maski, `Fuzzy Select` itasoma maski badala ya picha, na kwa kuwa mtu mzima ni mweupe kwenye maski, kubofya ndani ya tundu kutamchagua mtu mzima pamoja na tundu. Ukiona mistari inayotambaa imemzunguka mtu kuanzia nywele hadi sketi, usihangaike na `Threshold`. Kosa lako liko kwenye kijipicha.

Kwenye mipangilio ya kifaa acha `Antialiasing` ikiwa imewashwa, `Feather edges` izimwe, na `Sample merged` izimwe ili leya ya zambarau isiingilie. Bofya katikati ya pembetatu. Badala ya kuandika namba, bofya bila kuachia kitufe kisha buruta kipanya taratibu kwenda chini. `Threshold` inapanda unavyoburuta, na unaona uteuzi ukijaa hadi kwenye kingo.

Kwa 15 uteuzi wangu ulijaa pembetatu yote ukasimama kwenye ukingo wa shati. Kwa 20 ukavuja na kulimeza shati upande wa kiunoni. Ukirudi kwenye namba zetu utaona ni kwa nini: kutoka 184 ya buluu ya ukuta hadi 203 ya shati ni hatua 19. Ukuta na shati vilitenganishwa na uzi.

Je, kama pembe ya juu kabisa, kwapani, haijajaa kwa sababu kivuli ni kizito zaidi pale? Usipandishe `Threshold`. Shikilia `Shift` ubofye tena palepale kwenye kivuli, ili sampuli ya pili ianzie kwenye rangi ya pale. Mibofyo mitatu ya 12 ni salama kuliko mmoja wa 25.

Na kama hata kwa namba ndogo unavuja, jenga uzio. Chukua `Free Select Tool` (herufi `F`), zungusha mstari wa haraka kuzunguka tundu, ukipita juu ya ngozi ya mkono kwa uhuru lakini ukifuata kwa makini ule upande unaovuja tu. Kisha rudi kwenye `Fuzzy Select`, shikilia `Shift` na `Ctrl` pamoja, ubofye ndani ya tundu. Kinachobaki ni kile tu kilichomo ndani ya uzio na kinachofanana na sampuli.

Uteuzi ukikaa vizuri, nenda `Select > Grow` uweke pikseli 1. Kingo za tundu zina pikseli zilizochanganyika, nusu ukuta nusu mkono, na zikibaki zitaonekana kama uzi mweupe unaozunguka tundu kwa ndani. Pikseli moja kwa kawaida inatosha kwa picha ya ukubwa huu, mbili kama picha ilikuwa na ukungu kidogo. Sasa bofya kijipicha cha maski, bonyeza `D` ili rangi zirudi nyeusi na nyeupe, kisha `Ctrl+,` kujaza nyeusi. Pembetatu inageuka zambarau.

Kishikio, ambako pikseli moja ni nyingi

Kishikio cha mkoba kilikuwa na unene wa pikseli 8 sehemu yake nyembamba. Ukiwa umekuza uteuzi wa nje kwa 2, na sasa unakuza wa ndani kwa 2, kishikio kimebaki na 4, nusu ya unene wake. Mtu hatajua kilichobadilika ila ataona mkoba umekuwa dhaifu, au kishikio kimekatika pale kilipopinda. Kwa vitu vyembamba namna hii usikuze kabisa. Jaza tundu kama lilivyo, ondoa uteuzi, kisha uishughulikie rangi ya uzi mweupe badala ya umbo lake: kwenye kijipicha cha picha, chukua brashi ndogo, sampuli ya rangi ya kishikio kwa kushikilia `Ctrl` na kubofya, halafu pitisha juu ya zile pikseli za ukingo. Umbo halipungui, na weupe unapotea.

Nusu ya chini iliyoonyesha sketi haina shida, kwa kuwa sketi nyeusi iko mbali sana na ukuta na uteuzi ulisimama wenyewe. Kama sketi ingekuwa ya kijivu, uzio wa `Free Select` ungefanya kazi ileile hapa. Hereni ya kushoto nayo ilikwenda kwa njia ya kishikio, bila kukuza, na waya wake ulikuwa na pikseli 5 tu.

Ufa mwembamba

Kati ya mkono wa kulia na kiuno kulikuwa na ufa wa pikseli 9 kwa upana na kama 120 kwa urefu. `Fuzzy Select` haifai hapa. Pikseli mbili kila upande ni mchanganyiko, zinazobaki ni tano, nazo zimejaa kivuli kinachobadilika kutoka juu hadi chini. Uteuzi hutoka umekatikakatika kama mstari wa chaki.

Paka kwa mkono. Washa maski, chukua `Paintbrush Tool` (herufi `P`) yenye ukubwa wa 6 na ugumu wa 75 hivi, rangi nyeusi. Bofya juu ya ufa, shikilia `Shift`, bofya mahali ufa unapoanza kupinda, kisha pinda nao. Programu huunganisha sehemu hizo kwa mstari mnyoofu, na mkono wako hautetemeki. Ufa ulipopanuka kidogo kuelekea chini nilirudia mara ya pili nikisogea pikseli mbili pembeni.

Kabla ya kuhangaika na ufa wa namna hii, jiulize picha itatumika kwa ukubwa gani. Ikipunguzwa hadi upana wa 600, yaani robo, ufa wa 9 unakuwa wa 2 hivi. Bado unaonekana, kwa hiyo ulistahili kutobolewa. Lakini kile kitundu cha kidole gumba kilikuwa na pikseli 7 tu kwa 5, na kikipunguzwa kinabaki kama doa la vumbi. Hicho sikukitoboa. Nilikiziba kwa rangi ya kivuli cha kidole, na maoni yangu ni kwamba tundu litakaloishia chini ya pikseli 2 kwenye ukubwa wa mwisho lizibwe. Kitobo kidogo kiasi hicho hakimwambii mtazamaji kwamba kuna nafasi pale, kinamwambia picha ina uchafu. Kwenye hesabu nikaandika: manne yametobolewa, moja limezibwa.

Kukagua

Kwanza tazama maski peke yake. Bofya kijipicha cha maski huku umeshikilia `Alt`, au tumia `Layer > Mask > Show Layer Mask`, maana kwenye baadhi ya mifumo `Alt` hunyakuliwa na dirisha. Sasa una picha ya nyeusi na nyeupe tu. Matundu yanapaswa kuwa visiwa vyeusi ndani ya weupe. Yahesabu na ulinganishe na karatasi yako. Hapa ndipo utaona pia vile vidoa vya kijivu ndani ya tundu, ambavyo juu ya zambarau huonekana kama ukungu hafifu usioweza kuutaja. Vipake nyeusi. Ukiona kidoa cheusi ndani ya shati, ni uvujaji uliokupita, kipake nyeupe.

Pili, badilisha rangi ya leya ya chini kuwa nyeusi kabisa, halafu nyeupe kabisa. Uzi wa ukuta unaoonekana juu ya nyeusi hujificha juu ya nyeupe, na kivuli cha kwapani kilichosahaulika hufanya kinyume chake.

Kama una picha nyingi za ukuta mmoja, jicho huchoka kabla ya kazi kuisha, na hapo msaada wa kompyuta unafaa. Programu hii fupi ya Python inasoma picha iliyokwisha kukatwa na kutolewa kama `picha.png`, na kuorodhesha kila kisiwa kinachoonekana ambacho rangi yake iko karibu na ya ukuta:

```python
import numpy as np
from PIL import Image
from scipy import ndimage as nd

p = np.array(Image.open("picha.png").convert("RGBA")).astype(int)
ukuta = np.array([214, 212, 208])
karibu = np.abs(p[..., :3] - ukuta).max(axis=2) < 30
visiwa, n = nd.label(karibu & (p[..., 3] > 128))
for i, s in enumerate(nd.find_objects(visiwa), 1):
    eneo = (visiwa[s] == i).sum()
    if eneo > 30:
        print(eneo, s[1].start, s[0].start)
```

Kila mstari unaotoka una namba tatu: idadi ya pikseli za kisiwa, kisha pembe yake ya juu kushoto, mlalo na wima. Nimeweka 30 badala ya 15 kwa makusudi, ili ukuta uliotiwa kivuli uingie. Shati nalo litaingia, tena kwa namba kubwa kuliko zote, na utalipuuza. Programu haijui tundu ni nini, inakuonyesha tu pa kutazama, kwa hiyo usiiache ifute yenyewe. Peleka kipanya kwenye namba hizo, ambazo GIMP huzionyesha chini kushoto mwa dirisha, na uamue kwa jicho.

Kwenye picha yetu ilitoa mistari mitatu. Miwili ilikuwa ya shati. Wa tatu ulikuwa wa pikseli 64, sikioni, nikadhani ni hereni ambayo sikuijaza vizuri. Nilipokuza nikakuta ni kitundu cha saba: msokoto wa nywele uliojikunja ukakutana na sikio, ukauzingira ukuta nyuma yake. Kilikuwa na upana wa kama pikseli 8, hakikuwemo kwenye orodha yangu kabisa. Nikakipaka nyeusi kwa brashi ya 4, nikasahihisha karatasi iseme matano, nikaitoa picha tena kwa `File > Export As` kwenye faili ya `.png`, kwa sababu `.jpg` haihifadhi uwazi na ingejaza matundu yote upya kwa rangi.